Kupakia na Kupakua: Jinsi Wahandisi Walivyojifunza Kusoma Chuma Kisichorudi

Wengi wetu tulioipitia fizikia ya sekondari tunaikumbuka kanuni ya Hooke. Ukining'iniza uzito kwenye springi, springi inavutika. Ukiongeza uzito mara mbili, inavutika mara mbili. Mwalimu alichora mstari ulionyooka ubaoni, tukaunakili, mtihani ukaja na ukapita. Kitu ambacho mstari ule haukutuambia ni nini kinatokea uzito unapoondolewa. Mshale ulikuwa unapanda tu. Hakuna aliyetuchorea safari ya kurudi.

Katika makala haya tunataka kuieleza historia ya safari hiyo ya kurudi. Ni historia fupi kuliko ile ya kupanda, na watu wake hawana sifa kama Hooke, lakini ndiyo iliyowafundisha wahandisi kutofautisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana kabisa: chuma kilichovutika na kitarudi, na chuma kilichovutika na hakitarudi tena. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa kina maneno mawili yanayokwenda pamoja kama pande mbili za mlango, kupakia na kupakua. Tutayatumia kwa maana ya kuweka mzigo juu ya kitu na kuutoa, bila kuwasahau wale watakaofikiria sufuria ya wali.

Kwanza tukubaliane juu ya majina. Kitu kikivutwa kisha kikaachwa, kikarudi urefu wake wa awali bila upungufu, tutasema mvutiko wake ni wa kinyumbufu. Manati ni mfano ambao kila mtoto anaujua. Kikiachwa kisirudi chote, sehemu isiyorudi tutaiita baki la kudumu, au baki kwa kifupi. Wahandisi huuita mvutiko huo usiorudi wa kiplastiki, jina ambalo halihusiani na ndoo wala mifuko. Ni neno la Kigiriki la kufinyanga, na mfinyanzi anaelewa vizuri maana yake, kwa sababu udongo ungekuwa unarudi kila anapouachia asingepata chungu hata kimoja.

Robert Hooke alichapisha kanuni yake London mwaka 1678. Miaka miwili kabla alikuwa ameificha ndani ya herufi zilizochanganywa, ceiiinosssttuv, ili asinyang'anywe sifa ya kuigundua. Alijaribu springi, waya mrefu ulioning'inizwa, na hata ubao mkavu. Alijua kwamba vitu hivyo hurudi, na ndiyo maana alizungumza juu ya nguvu ya kurudi. Ila alivichukua vile vinavyorudi kuwa ndiyo hali ya kawaida, na swali la vile visivyorudi akaliacha. Likakaa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Aliyeliokota ni Mfaransa Charles-Augustin Coulomb, huyu huyu wa kanuni ya umeme. Mwaka 1784 aliwasilisha utafiti juu ya kusokotwa kwa nyaya za metali. Chombo chake kilikuwa rahisi: waya umefungwa juu, na chini yake umening'inizwa uzito wa umbo la mcheduara. Ukiuzungusha uzito kidogo na kuuachia, unacheza kushoto na kulia kama pendulo iliyolala. Muda wa kila mchezo unapima ukakamavu wa waya. Waya mkakamavu unarudisha uzito upesi, na ulio laini unaurudisha polepole.

Kisha Coulomb akafanya lile ambalo Hooke hakulifanya. Akausokota waya kupita kiasi, akauachia, akatazama. Waya haukurudi wote. Ulisimama ukiwa na msokoto uliobaki. Tunaweza kudhani kwamba waya ulioharibiwa hivyo umelegea, kama kamba iliyokwisha nguvu. Coulomb akauchezesha tena na kuhesabu muda. Ukakamavu wake ulikuwa ule ule. Zaidi ya hapo, waya ulioachwa na baki uliweza sasa kusokotwa kwa pembe kubwa zaidi kuliko mwanzo na bado ukarudi. Alifanya jaribio jingine la aina hiyo kwa bapa la chuma cha pua, mara likiwa limelainishwa motoni, mara likiwa limekazwa kwa kuzamishwa likiwa la moto. Uzito mdogo uliokunja bapa laini ulikunja bapa gumu kwa kiasi kile kile. Tofauti ilionekana tu uzito ulipoongezwa: laini lilibaki limepinda mapema, gumu likaendelea kurudi.

Coulomb akatoa hitimisho ambalo tunaliona kuwa la maana kuliko kanuni ya Hooke yenyewe. Alisema ndani ya metali kuna sifa mbili zisizotegemeana. Moja ni unyumbufu, yaani jinsi kitu kinavyopinga na kurudi, nao haubadiliki kwa moto wala nyundo wala kusokotwa. Nyingine ni ule mshikamano unaozuia sehemu za ndani zisiteleze moja juu ya nyingine, na huo hubadilika sana. Baki la kudumu ni alama kwamba sehemu hizo zimeteleza. Zikishateleza na kutulia mahali papya, zinaendelea kunyumbuka kama zamani.

Kutoka hapo tunahamia Prague, kwa profesa Franz Joseph von Gerstner, aliyeiongoza shule ya ufundi ya mji huo. Gerstner alizivuta nyuzi za piano, na kitabu chake cha mekanika kilichotoka mwaka 1831 kilieleza utaratibu wake. Aliweka mzigo, akapima urefu. Akautoa mzigo, akapima tena. Akauweka mkubwa zaidi, akapima, akautoa, akapima. Kila hatua ilikuwa na namba mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa mtu wa leo hilo linaonekana jambo dogo, lakini jaribio hilo huchukua muda mara mbili, na wengi waliomtangulia waliongeza uzito tu mpaka waya ukakatika, wakaandika namba ya kukatikia na kwenda nyumbani.

Alichokiona Gerstner ni hiki. Uzi ukivutwa mpaka mzigo fulani na kuacha baki, ukipakuliwa unarudi kwa mstari ulionyooka. Ukipakiwa tena, unapanda kwa mstari ulionyooka, bila kuongeza baki, mpaka ufikie ule mzigo mkubwa uliouonja mara ya kwanza. Ukiupita mzigo huo ndipo unapoanza tena kuacha baki jipya. Uzi, kwa namna fulani, unakumbuka mzigo mkubwa kuliko yote uliowahi kubeba. Gerstner akatoa ushauri wa kazi: nyaya za madaraja ya kuning'inia zivutwe kwanza mpaka kiasi fulani kabla ya kufungwa mahali pake, ili baki litoke mapema, kabla daraja halijapata watu juu yake.

Hapa tusimame na kuuchora mchoro wenyewe, kwa maana bila mchoro maneno yanaanza kuzunguka. Tuchukue fimbo ya chuma cha pua cha kawaida, cha aina inayotumika kwenye ujenzi. Mkato wake ni milimita 10 kwa milimita 10, yaani milimita za mraba 100, na tunapima urefu wa milimita 200 katikati yake. Kwenye karatasi tunaweka mvutiko kwa milimita kwenye mhimili mlalo, na mzigo kwa kilonyutoni kwenye mhimili wima.

Tunaanza kupakia. Kwa kilonyutoni 10 fimbo inavutika milimita 0.1. Kwa 20 inavutika 0.2. Ni mstari mnyoofu, mkali, unaokaribia kusimama wima, wenye mwinamo wa milimita 0.01 kwa kila kilonyutoni. Tukiupakua hapa, kalamu inarudi chini juu ya mstari ule ule mpaka sifuri. Hakuna kilichobaki. Tukiendelea hadi karibu na kilonyutoni 25, fimbo inalegea. Kalamu inageuka na kwenda kulia karibu bila kupanda, kwa sababu chuma kinateleza ndani, halafu inaanza kupanda tena taratibu. Tunasimama kwenye kilonyutoni 30, na kipimo cha mvutiko kinasoma milimita 4.0.

Sasa tunapakua. Mgeni wa mchoro huu hutarajia kalamu irudi kwa njia iliyokuja nayo, yaani iteremke polepole kwenda kushoto, ipite kwenye kona ya kulegea, kisha ishuke mpaka sifuri. Haifanyi hivyo. Inashuka papo hapo, kwa ukali ule ule wa mstari wa kwanza, sambamba nao. Hili ndilo jambo la Coulomb: unyumbufu haukuguswa. Kwa hiyo tunaweza kulihesabu baki hata kabla ya kupakua. Kila kilonyutoni kinachoondolewa kinarudisha milimita 0.01. Vilonyutoni 30 vitarudisha milimita 0.3. Fimbo ilikuwa imevutika 4.0, itarudi 0.3, na kalamu itagusa mhimili mlalo kwenye 3.7. Hapo ndipo baki linaposomwa: mahali mstari wa kupakua unapokata mhimili mlalo.

Tukipakia tena, kalamu inapanda kutoka 3.7, inafika kilonyutoni 30 kwenye milimita 4.0, na hapo inageuka kulia na kuendelea na mkondo wake wa zamani kana kwamba hatukuwahi kupumzika. Hili ndilo jambo la Gerstner. Fimbo iliyokuwa ikilegea kwa 25 sasa inalegea kwa 30. Imekuwa ngumu zaidi, ingawa si bure: imekwisha kutumia sehemu ya uwezo wake wa kurefuka kabla ya kukatika.

Mchoro huo huo unasema pia nguvu ya kazi ilikwenda wapi. Eneo lililo chini ya mstari wa kupakua ni kazi ambayo fimbo iliturudishia. Ni pembetatu ndogo, nusu ya 30 mara 0.3, yaani jouli 4.5. Eneo kubwa lililobaki, kati ya mstari wa kupanda na wa kushuka, ni zaidi ya jouli 90, na nyingi kati ya hizo zimegeuka joto. Fimbo ikivutwa haraka, kipimajoto kizuri kitaonyesha imepanda digrii moja hivi. Ndiyo sababu waya unaokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi kwa mkono ili ukatike unachoma vidole.

Mpaka hapa tunaweza kudhani kwamba kila metali ina mpaka mmoja uliokaa wazi: chini yake hakuna baki, juu yake lipo. Hivyo ndivyo wahandisi wa Uingereza walivyofikiri mwanzoni mwa karne ya 19, na kulifikiri hivyo kulikuwa na matokeo. Thomas Tredgold, ambaye kitabu chake cha mwaka 1822 juu ya chuma cha kusubu kilikuwa mezani kwa mafundi wengi, aliutaja mpaka huo kwa namba. Alisema chuma cha kusubu kinabeba ratili 15,300 kwa kila inchi ya mraba bila mabadiliko ya kudumu. Kanuni yake ilikuwa ya kupendeza: usiuvuke mpaka wa baki, nawe uko salama. Viwanda, maghala na baadaye madaraja ya reli vilijengwa kwa boriti za chuma cha kusubu kwa kufuata fikra za namna hiyo.

Aliyeiharibu starehe hiyo ni Eaton Hodgkinson. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Cheshire, alifundishwa hisabati na John Dalton mjini Manchester, na alifanya majaribio yake mengi katika karakana ya William Fairbairn. Hodgkinson alikuwa na ugonjwa ambao tunautamani kwa kila mtafiti: hakuiamini namba ambayo hakuipima mwenyewe. Alipovipakia na kuvipakua vyuma vya kusubu, alikuta baki kwenye mizigo midogo sana, midogo mno kuliko mpaka wa Tredgold. Kila alipopunguza mzigo, baki lilipungua, lakini halikuisha. Mwaka 1843, kwenye mkutano wa chama cha wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Cork, aliwasilisha majaribio ya kuthibitisha kwamba vitu vyote, kwa kiasi fulani, si vinyumbufu kikamilifu.

Fikirieni maana yake kwa mhandisi. Kama usalama ni kubaki chini ya mpaka wa baki, na kwa chuma cha kusubu mpaka huo haupo, basi hakuna mzigo hata mmoja ulio salama. Ama kanuni ilikuwa na kasoro, ama majengo yote yalikuwa hatarini.

Jambo halikubaki la vitabuni. Tarehe 24 Mei 1847, daraja la reli juu ya mto Dee, nje kidogo ya Chester, lilivunjika treni ikipita. Watu watano walikufa. Mbunifu wake alikuwa Robert Stephenson, jina kubwa kabisa katika reli. Boriti zake zilikuwa za chuma cha kusubu, kila moja ikivuka futi 98, zimeundwa kwa vipande vitatu vilivyofungwa kwa bolti na kusaidiwa na fito za chuma cha kufua. Siku ile ile mafundi walikuwa wamemwaga kokoto juu ya sakafu ya mbao ili kuikinga na moto wa injini, wakaongeza uzito. Sababu halisi ya kuvunjika ingali ikijadiliwa na wahandisi, nasi hatutajifanya waamuzi. Linalotuhusu ni kwamba mwezi Agosti mwaka ule serikali iliunda tume ya kuchunguza matumizi ya chuma katika reli, na Hodgkinson akawa mjumbe wake.

Majaribio aliyoyafanya kwa ajili ya tume yanaonyesha akili yake. Baki analolitafuta ni dogo kuliko unywele. Ukilitafuta kwenye kipande cha urefu wa mkono hutaliona. Kipimo chako kina makosa makubwa kuliko hilo baki. Kwa hiyo akaunganisha fimbo nyembamba, moja baada ya nyingine, mpaka akapata urefu wa futi 50 hivi, akazivuta. Kila futi inatoa mchango wake mdogo, na jumla inaonekana. Akapakia, akapakua, akaandika namba mbili kila hatua, kama Gerstner. Kwa chuma cha kufua alikuta mchoro unaofanana na ule wetu wa juu: baki dogo sana kwa muda mrefu, kisha ghafla linakua. Kwa chuma cha kusubu mchoro ulipinda tangu mwanzo. Haukuwa na sehemu iliyonyooka hata kidogo.

Tunaomba msomaji apazingatie hapa, kwani makosa mengi ya kusoma michoro yanazaliwa mahali hapa. Mtu akiona mstari wa kupakia umepinda, husema: mvutiko wa kudumu umeanza. Si lazima. Mpira wa manati una mchoro uliopinda vibaya, na bado unarudi karibu wote. Chuma cha kusubu nacho, mkondo wake unapopinda, sehemu kubwa ya mvutiko inarudi na sehemu ndogo inabaki. Kupinda kwa mstari na kuwepo kwa baki ni mambo mawili tofauti, na ukiwa na mstari wa kupanda peke yake huna njia ya kuyatenganisha. Lazima upakue.

Swali la usalama likahitaji kuulizwa upya. Badala ya kuuliza kama baki lipo, tume iliuliza kama linaendelea kukua. Maafisa wawili wa jeshi, James na Galton, walijenga huko Portsmouth mashine iliyozikandamiza fimbo za chuma cha kusubu na kuziachia, tena na tena. Fimbo zilizokunjwa theluthi ya mkunjo wa kuvunjikia zilivumilia mara 10,000. Zilizokunjwa nusu ya mkunjo huo zilivunjika kabla ya kufika mara 1,000. Ripoti ilipotoka mwaka 1849 ilipendekeza kwamba mzigo mkubwa utakaopita juu ya boriti ya chuma cha kusubu usizidi moja ya sita ya mzigo wa kuivunja. Mpaka wa baki wa Tredgold haukutajwa tena kama ngao.

Kutoka hapo tunapata somo la kusoma mchoro wa mizunguko mingi. Pakia, pakua, usome baki la kwanza. Rudia kwa mzigo ule ule. Kama kalamu inarudi mahali pale pale ilipoachia, kitu kimetulia. Baki la kwanza lilikuwa ada ya kuingilia. Kama kila mzunguko unaongeza baki kidogo, na michoro inatembea kwenda kulia kama kaa, kitu hakijatulia, na hata kama baki lenyewe ni dogo kwa macho kuna sababu ya kuwa na wasiwasi.

Somo hilo husaidia pia dhidi ya udanganyifu mdogo wa maabara. Wenzetu wanaosoma uhandisi wanaujua. Ukiiweka fimbo kwenye mashine na kupima mvutiko kwa mwendo wa mashine badala ya kifaa kilichobana fimbo yenyewe, meno ya kushikia yatajikita na kuteleza kidogo, na mchoro utaonyesha baki ambalo fimbo haina. Dalili zake ni mbili. Mwanzo wa mstari wa kupanda huwa umelala kisha ukanyanyuka, kama nyayo. Na mwinamo wa kupanda haulingani na wa kupakua. Hapo uamini mstari wa kupakua, kwa kuwa wakati wa kurudi meno yameshakaa. Au pakia mara ya pili, baki la uongo halitajirudia.

Kwa metali zisizo na kona ya kulegea, kama alumini, wahandisi walikubaliana kulitaja baki wenyewe badala ya kulisubiri. Baki linalotumiwa sana ni asilimia 0.2 ya urefu unaopimwa. Kwa urefu wetu wa milimita 200 hilo ni milimita 0.4. Unaweka alama kwenye 0.4 ya mhimili mlalo, unapandisha kutoka hapo mstari sambamba na ule mstari mnyoofu wa mwanzo, na mahali unapokutana na mkondo ndipo unaposoma mzigo. Wanafunzi huukariri utaratibu huo kama tambiko. Ukimjua Coulomb si tambiko tena: mstari ule wa kuchora ni mstari wa kupakua wa kufikirika. Unauliza, ni kutoka kwenye mzigo gani ningeanza kupakua, kalamu ingerudi ikagusa chini kwenye 0.4? Kwa hiyo haudai kwamba chini ya mzigo huo hakuna baki. Unasema tu kwamba lipo pungufu ya kiasi tulichokubaliana kuvumilia.

Kwa walio London, kuna nyumba namba 99, Southwark Street, aliyoijenga Mskoti David Kirkaldy kwa kazi moja tu ya kuvuta, kukunja na kuponda vyuma vya watu kwa malipo. Juu ya mlango aliandika kwamba humo hutolewa ukweli, si maoni. Mashine yake ya tani 116 iliyotengenezwa Leeds ingali ndani, na jengo sasa ni makumbusho.

Imebaki sura moja, na inatoka Munich. Johann Bauschinger alikuwa na mashine ya tani 100 na kifaa chake mwenyewe cha kupima mvutiko kwa vioo. Fimbo ikirefuka kidogo, kioo kinageuka, na mwale wa mwanga unaikuza hatua hiyo kwenye kipimo kilicho mbali. Kwa jicho hilo kali aliirudia kanuni ya Gerstner na kuikuta si kamili. Fimbo iliyovutwa kupita kiasi na kupakiwa tena mara moja ilianza kuacha baki dogo mapema kuliko Gerstner alivyoweza kuona. Ilipopumzishwa kwa muda kisha ikapakiwa, unyumbufu wake ulirejea, hata ukapita mzigo wa awali.

Jambo la pili, alilolichapisha mwaka 1886, ndilo linalobeba jina lake hadi leo. Bauschinger hakuishia sifuri. Alipakua fimbo iliyovutwa, kisha badala ya kuivuta tena akaisukuma. Kama kuvutwa kulikuwa kumeifanya fimbo kuwa ngumu, tungetegemea iwe ngumu pande zote. Ilikuwa kinyume. Fimbo yetu, ambayo ikiwa mpya ingelegea kwa kilonyutoni 25 ikivutwa na kwa 25 hivi ikisukumwa, baada ya kuvutwa hadi 30 ingeanza kulegea mapema zaidi ikisukumwa. Kwenye mchoro, kalamu inashuka sambamba kama kawaida, inavuka mhimili mlalo kwenye 3.7, halafu inaanza kupinda kabla ya kufika kina tulichokitegemea. Kumbukumbu ya chuma ina upande.

Watengenezaji wa mabomba makubwa ya mafuta na gesi hukutana na jambo hilo kazini. Bamba la chuma hukunjwa kuwa bomba, kisha hutanuliwa kutoka ndani ili liwe duara kamili. Ili kulipima, kipande hukatwa na kunyooshwa kiwe bapa kabla ya kuvutwa kwenye mashine, na kule kunyoosha ni kupakia kwa upande wa pili. Kipande hicho mara nyingi husoma nguvu ndogo kuliko iliyomo kwenye bomba lenyewe. Ndiyo maana wapimaji wengine hukata fimbo ndogo ya duara kutoka ndani ya unene wa bomba, bila kuinyoosha, na wengine huuacha mduara mzima wa bomba na kuutanua kwa shinikizo la maji, wakisoma baki moja kwa moja kwenye kipimo cha mzingo.